Kusoma Lebo za Stoo ya Nyaraka: Somo la Rafu Moja

Jalada ambalo halijaorodheshwa na jalada lililoorodheshwa kwa jina lisilo lake yanafanana kwa jambo moja: yote mawili mwananchi huambiwa kuwa hayapo. Tofauti yake ni kwamba la kwanza bado laweza kupatikana na mtumishi mwenye subira, anayepekua rafu baada ya rafu. La pili ni gumu zaidi kulipata, kwa kuwa orodha imekwisha kutoa jibu, na hakuna anayeona haja ya kuinuka kwenda kutazama. Kwa hiyo kazi ya kuandaa orodha ya kutafutia nyaraka haianzi kwenye kompyuta. Huanzia mbele ya rafu, kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa ubavuni mwa boksi na kuandikwa kwa mkono na karani aliyekwisha kustaafu zamani.

Somo hili linafuata rafu moja tu, kuanzia lebo hadi orodha. Rafu yenyewe imetungwa kwa ajili ya kufundishia, lakini majina ya mahali ni ya kweli na yametoka Wilaya ya Lushoto. Makosa yanayoelezwa ni yale yanayoweza kutokea katika stoo yoyote ya masijala yenye majalada ya miaka mingi.

Anwani kwanza, mwandiko baadaye

Kabla ya kusoma lebo hata moja, kila mahali ndani ya stoo hupewa anwani. Kabati huhesabiwa kuanzia mlangoni, rafu huhesabiwa kutoka juu kwenda chini, na maboksi huhesabiwa kutoka kushoto kwenda kulia. Hivyo K2/R4/3 ni boksi la tatu katika rafu ya nne ya kabati la pili. Utaratibu huu huandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni, ili anayekuja kesho asianze kuhesabu kutoka upande wa dirisha.

Katika hatua hii hakuna boksi linalosogezwa. Kishawishi cha kuyapanga upya huwa kikubwa, hasa pale boksi la afya linapoonekana limekaa katikati ya maboksi mawili ya ardhi. Hata hivyo, mpangilio uliokutwa nao ni ushahidi. Huenda maboksi hayo matatu yalitoka katika ofisi moja kwa siku moja, na mwandiko ulio wazi kwenye la kwanza ndio utakaosaidia kusoma mwandiko hafifu wa la tatu. Ukishayatenganisha, umepoteza msaada huo. Atakayetaka kuyapanga kwa mada atafanya hivyo baada ya orodha kukamilika, tena kwa kutumia orodha yenyewe.

Pamoja na anwani ya mahali, kila boksi hupewa namba yake ya kudumu, kwa mfano Boksi 47. Anwani hubadilika boksi linapohamishwa, lakini namba haibadiliki. Stoo nyingi hupuuza tofauti hii ndogo, na siku kabati moja linapovunjika na maboksi yake kugawanywa kwenye rafu nyingine, orodha nzima huwa haina maana tena.

Kunakili kabla ya kuelewa

Kazi hii huendeshwa vizuri na watu wawili. Mmoja husoma, mwingine huandika, kisha hubadilishana kila rafu inapokwisha. Kanuni inayowaongoza ni moja: lebo hunakiliwa kama ilivyo, bila kusahihishwa, bila kufupishwa na bila kufasiriwa. Lebo ikisema “Zahnati”, huandikwa “Zahnati”. Maana ya lebo na kilichomo ndani ya boksi vina safu zake katika orodha, na havichanganywi na maneno ya lebo.

Herufi yenye shaka huwekwa ndani ya mabano ya mraba pamoja na alama ya kuuliza. Herufi isiyosomeka kabisa huachiwa nukta tatu ndani ya mabano hayo. Kwa hiyo neno linaloonekana nusu laweza kuandikwa “Ki[m?]b[...]”. Anayeliona neno hilo baadaye hujua mara moja ni kipi kilionekana na ni kipi kilikisiwa. Bila mabano hayo, kisio la karani wa leo hugeuka kuwa ukweli wa karani wa kesho.

Wino uliofifia husomwa kwa mwanga, si kwa kuushughulikia kwa mikono. Tochi huwekwa pembeni, karibu iwe sambamba na karatasi, mwanga ukipita juu ya uso wake. Penseli na kalamu ya bolpeni huacha mikwaruzo inayobonyea kwenye karatasi, na mwanga wa pembeni huionyesha hata pale rangi ilipokwisha kutoweka. Picha ya simu iliyopigwa mchana karibu na dirisha, kisha ikaongezewa tofauti ya weusi na weupe, husaidia pia. Kisichotakiwa kamwe ni kulowesha lebo kwa kidole au kitambaa. Zamani maofisini ilitumika penseli ambayo maandishi yake hugeuka zambarau yakipata maji. Lebo ya aina hiyo ikiloweshwa huvuja, na neno lililosomeka nusu halisomeki tena.

Picha hupigwa pande zote za boksi, pamoja na kifuniko. Ni kawaida kwa karani wa awali kuandika jina upande mmoja na mwaka upande mwingine, na kwa karani aliyefuata kuligeuza boksi na kuandika upya pale palipokuwa patupu.

Mlalo au Mlola

Boksi la pili katika rafu ya mfano lina lebo ya bolpeni ya buluu: “Mipaka ya vijiji – Ml[...]l[...] – Wilaya ya Lushoto”. Irabu mbili za jina la mahali hazieleweki, kwa kuwa mwandishi aliandika kwa kuunganisha herufi, na duara la “a” na duara la “o” limekuwa kitu kimoja. Lushoto kuna Mlalo, na Lushoto kuna Mlola. Mahali hapa pawili panatofautiana, lakini katika mwandiko wa haraka jina moja ni kama lingine lililopinduliwa.

Kanuni za sauti za Kiswahili husaidia katika maneno mengi. Maneno ya asili ya Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo kijistari cha mwisho kinachofanana na “r” mara nyingi ni “a” isiyofungwa. Kabla ya “b” na “p” hukaa “m”, na kabla ya “d”, “g”, “j” na “z” mara nyingi hukaa “n”. Kwa hiyo vilima viwili vya wino vilivyo kati ya “a” na “d” vyaweza kuwa “n” au “u”, lakini vikiwa kati ya “a” na “l” karibu hakika ni “u”, kwa kuwa Kiswahili hakifuatanishi “n” na “l”. Kanuni hizi zina mpaka wake. Majina ya watu na ya mahali hutoka katika lugha za wenyeji, nazo zina taratibu zake. Tena kwa Mlalo na Mlola hazisaidii lolote, kwa kuwa majina yote mawili ni sahihi kwa sauti.

Hapo ndipo mwandiko wenyewe huulizwa. Msomaji hutafuta kwenye lebo ileile maneno ambayo hayana shaka, kisha huchunguza jinsi mwandishi huyo alivyoumba herufi zake. Neno “Lushoto” lina “o” mbili za uhakika. Neno “Wilaya” lina “a” mbili za uhakika. Katika mfano huu, “o” za mwandishi hufungwa juu na kutoka kwa kitanzi kidogo kuelekea kulia, ilhali “a” zake hushuka kwa kimkia hadi kwenye mstari. Ukirudi kwenye jina lenye shaka, irabu ya kwanza ina kitanzi juu, na ya mwisho ina kimkia chini. Jina hilo laelekea kuwa Mlola.

Neno “laelekea” limewekwa kwa makusudi. Macho ya msomaji huvutwa na jina alilozoea kulisikia. Mlalo ilipata kutajwa sana katika maandishi ya serikali ya wakati wa Waingereza, kwa sababu ya mradi wa kuhifadhi udongo ulioanzishwa huko mwaka 1946, na anayeifahamu habari hiyo ataiona Mlalo hata mahali isipokuwapo. Ndiyo maana ulinganisho wa herufi hufanywa na msomaji wa pili ambaye hajaambiwa wa kwanza ameona nini. Wakikubaliana, jina huandikwa pamoja na alama ya kuuliza. Wasipokubaliana, yote mawili huandikwa. Katika hali zote mbili boksi hufunguliwa.

Ndani ya boksi la mfano mna majalada manne. Vichwa vya barua na mihuri ya majalada matatu vinaitaja Mlola, na shaka ya lebo inaisha. Lakini jalada la nne ni la Mlalo. Pengine lilitumbukizwa humo na mtu aliyeisoma lebo vibaya, kama ambavyo mworodheshaji wa leo angeweza kuisoma. Kama kazi ingeishia kwenye lebo, jalada hilo la Mlalo lisingekuwa na mahali popote katika orodha, hata baada ya jina la Mlola kusomwa kwa usahihi kabisa. Lebo ni maneno ya mtu mmoja kuhusu boksi lilivyokuwa siku aliyoliandika. Haina habari ya yaliyotokea baada ya hapo.

Sabini na moja au sabini na saba

Lebo hiyohiyo ina mwaka. Ulioishia ni 79, lakini ulioanzia waweza kuwa 71 au 77, kwa kuwa karatasi imekunjika palepale penye tarakimu ya pili. Tarakimu zinazochanganywa mara nyingi ni 1 na 7, 4 na 9, 3 na 8, na vilevile 0 na 6. Hapa pia hatua ya kwanza ni kulinganisha. Lebo ina 7 mbili za uhakika, moja katika mwaka wa kuanzia na nyingine katika mwaka wa mwisho. Mwandishi hakuzikata katikati kwa kistari, wala hakuna 1 ya uhakika ya kulinganishia. Mwandiko peke yake haumalizi shaka.

Historia ya utawala hutoa dokezo. Moja ya majalada hayo linahusu kusajiliwa kwa kijiji, na barua zake zinataja sheria ya vijiji ya mwaka 1975. Jalada linaloanza na sheria hiyo haliwezi kuwa limeanza 1971. Vyeo na majina ya ofisi hutumika kwa njia hiyohiyo. Herufi “N.A.” katika lebo ya zamani kwa kawaida husimama badala ya Mamlaka ya Wenyeji, ule utawala wa machifu uliowekewa sheria mwaka 1926 na kukoma Tanganyika ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963. “D.D.D.” ni Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya, cheo cha kipindi cha Madaraka Mikoani kilichoanza 1972, wakati halmashauri za wilaya zilipokuwa zimevunjwa. “D.E.D.” ni Mkurugenzi Mtendaji wa Wilaya, cheo cha kipindi kilichofuata baada ya halmashauri kurudishwa mwaka 1984. Lebo isiyo na mwaka, lakini yenye herufi hizo, imekwisha kutaja zama zake.

Dokezo la aina hii lisichukuliwe kuwa uthibitisho. Ofisi huendelea kutumia karatasi na mihuri ya zamani mpaka iishe, na karani huendelea kuandika cheo alichokizoea. Uthibitisho hupatikana ndani ya jalada. Kwa kawaida ya masijala, barua hufungwa kwa kamba, ya zamani ikiwa chini na mpya ikiwa juu, na kila ukurasa hupewa namba yake ya folio. Mworodheshaji hutazama folio ya chini kabisa na ya juu kabisa, akasoma tarehe zake. Katika boksi la mfano, folio ya kwanza katika jalada la zamani kuliko yote ni ya mwaka 1977, na ya mwisho katika jalada la karibuni ni ya 1979. Lebo ilisema 77.

Namba ya folio ina kazi ya pili. Kama jalada lingeanza na folio ya 14, tarehe iliyo juu yake isingekuwa mwanzo wa jalada, bali mwanzo wa kilichobaki. Kurasa 13 zingekuwa zimetoka, na orodha hueleza hivyo waziwazi. Vilevile jalada lililoandikwa “Sehemu ya II” hudai kuwapo kwa sehemu ya kwanza. Isipoonekana, pengo hilo huandikwa kwenye orodha, ili siku sehemu ya kwanza itakapoonekana katika kabati jingine ijulikane ni ya wapi.

Boksi lenye lebo mbili

Boksi la tatu lina lebo nyeupe iliyo wazi: “Ujenzi wa zahanati 86–88”. Pembeni yake, chini ya ukingo wa lebo hiyo, yaonekana karatasi ya zamani iliyogeuka hudhurungi na neno “Mishahara”. Boksi lilitumiwa mara mbili. Anayefanya haraka huandika zahanati na kuendelea.

Kwa kufuata kanuni, lebo zote mbili hunakiliwa, moja ikiitwa lebo ya juu na nyingine lebo ya chini. Lebo ya juu haibanduliwi kwa nguvu ili kuisoma ya chini. Sehemu inayoonekana inatosha, na iliyofichika huachiwa mabano. Kisha boksi hufunguliwa, na majalada yote hutolewa moja baada ya jingine kwa mpangilio wake hadi sakafu ya boksi ionekane. Katika mfano huu mna majalada matano ya ujenzi, na chini kabisa, likiwa limelala kifudifudi, mna jalada jembamba la mishahara ya walimu. Aliyelitumia boksi mara ya pili hakulimwaga lote.

Jalada kama hilo lina uzito wake. Kwa mwalimu anayefuatilia mafao, au kwa warithi wake, orodha ya mishahara ya mwaka fulani yaweza kuwa karatasi pekee inayoonyesha kwamba alikuwa kazini mwaka huo. Likiorodheshwa chini ya ujenzi wa zahanati, hakuna atakayelifikia.

Boksi la nne ni kinyume chake. Lebo yake ni fupi: “N.A. 50/51”. Karani wa leo anaweza kuzisoma herufi hizo kama zile zinazowekwa kwenye fomu penye swali lisilomhusu mjazaji, akadhani boksi halina kitu. Akizisoma kama Mamlaka ya Wenyeji, bado tarakimu zina maana mbili. Zaweza kuwa mwaka wa fedha wa 1950 hadi 1951, au zaweza kuwa namba ya jalada, yaani mada ya 50, jalada la 51. Dawa yake ni kutazama maboksi ya jirani. Kama linalofuata limeandikwa “N.A. 51/52” na jingine “N.A. 52/53”, mfululizo huo ni wa miaka. Kama linalofuata ni “N.A. 50/52”, hizo ni namba za majalada. Hapo faida ya kutosogeza maboksi huonekana bila kuhitaji hoja nyingine.

Katika wilaya za pwani hutokea pia lebo au majalada yenye Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Asiyezisoma hakisii kutokana na umbo la boksi wala majirani zake. Huandika kuwa lebo ina herufi za Kiarabu, huipiga picha, na kumpelekea anayezisoma.

Safu za orodha na faharasa yake

Baada ya rafu kumalizika, yaliyopatikana huingizwa kwenye orodha yenye safu sita: namba ya boksi, anwani ya rafu, maneno ya lebo kama yalivyo, yaliyomo baada ya kufunguliwa, miaka iliyothibitishwa, na maelezo. Boksi la pili la mfano huandikwa hivi:

Namba: Boksi 46.
Anwani: K2/R4/2.
Lebo: “Mipaka ya vijiji – Ml[o?]l[a?] – Wilaya ya Lushoto – 7[1/7?]–79”.
Yaliyomo: majalada 4, matatu ya mipaka na usajili wa vijiji, Mlola, moja la mipaka, Mlalo.
Miaka: 1977–1979.
Maelezo: jalada la Mlalo limekutwa humu na halikuhamishwa. Lebo imesomwa na watu wawili. Yaliyomo yamethibitishwa kwa folio ya kwanza na ya mwisho ya kila jalada.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini maneno ya lebo yaendelee kubaki katika orodha baada ya yaliyomo kujulikana. Sababu ni kwamba nyaraka nyingine huendelea kulitaja boksi kwa jina lake la zamani. Hati ya makabidhiano, barua ya ofisi nyingine au rejesta ya zamani ya majalada yaweza kusema “tazama boksi la mishahara”, na bila lebo ya chini ya Boksi 47 hakuna atakayejua kwamba sasa linaitwa boksi la zahanati.

Mwisho wa orodha huwekwa faharasa ya majina ya mahali na ya mada kwa mpangilio wa alfabeti. Jina lenye shaka huingizwa mara mbili. Chini ya Mlalo huandikwa Boksi 46, na chini ya Mlola huandikwa Boksi 46. Eneo lililobadilisha jina, au lililohamia halmashauri nyingine, huingizwa kwa jina la zamani na la sasa. Bumbuli, kwa mfano, sasa ina halmashauri yake, lakini jalada la miaka ya nyuma kuhusu kijiji cha huko laweza kuwa na muhuri wa Lushoto. Vivyo hivyo, karatasi ya wakati wa Wajerumani inayotaja Wilhelmstal inautaja mji wa Lushoto wenyewe.

Orodha pia hutenganisha kujulikana kwa jalada na kuruhusiwa kulisoma. Jalada binafsi la mtumishi, la mgonjwa au la masijala ya siri huorodheshwa kwa namba na aina yake tu, bila majina ya wahusika. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002 imeweka taratibu za kutunza, kufungua na kuteketeza kumbukumbu za umma, na kipindi cha kawaida kabla ya kufunguliwa kwa umma ni miaka 30. Boksi ambalo lebo yake haisomeki halihesabiwi kuwa takataka. Kutosomeka kwa lebo hakusemi lolote kuhusu thamani ya kilichomo, na hakuna jalada la serikali linaloteketezwa kwa uamuzi wa karani wa stoo.

Orodha ikishakamilika

Orodha huanza kuchakaa siku ya kwanza jalada linapotoka kwenye rafu. Kwa hiyo penye nafasi ya jalada lililotolewa huachwa kadi yenye namba ya boksi, jina la jalada, tarehe, na cheo cha aliyelichukua. Boksi linapohamishwa, anwani yake husahihishwa siku hiyohiyo katika nakala mama, na ukurasa wa kwanza wa orodha huonyesha tarehe ya marekebisho ya mwisho. Lebo mpya huandikwa kwa penseli laini, ikiwa na namba ya boksi tu, na kuwekwa mahali pasipofunika lebo ya zamani. Lebo ya zamani ikianguka yenyewe, hutiwa ndani ya bahasha na kuwekwa ndani ya boksi lake.

Mara kwa mara mtumishi ambaye hakushiriki katika kuorodhesha huchagua maboksi machache kutoka katika orodha na kwenda kuyatazama, kisha huchagua mengine kutoka kwenye rafu na kuyatafuta katika orodha. Njia ya kwanza hufichua maboksi yaliyoondoka. Ya pili hufichua yale ambayo hayakuandikwa kamwe. Kufanya moja bila nyingine huacha nusu ya makosa.

Kwa mwananchi anayefika masijala, orodha ya namna hii hubadilisha pia jinsi ya kuuliza. Anayesema tu kwamba anatafuta karatasi za shamba la marehemu babu yake humwacha mtumishi bila pa kuanzia. Anayetaja jina la kijiji la wakati ule na la sasa, kata, miaka ya kukadiria, na ofisi iliyopokea shauri hilo, anakuwa ametaja karibu kila neno ambalo faharasa imepangwa kwalo. Akiambiwa jalada halipo, ana haki ya kuuliza swali moja zaidi: je, halipo kwenye orodha, au limetafutwa rafuni likakosekana? Hayo ni majibu mawili tofauti, na masijala yenye orodha iliyothibitishwa huweza kueleza ni lipi linalotolewa.